Kochi la ngozi lililolowa mafuta: rangi ije mwisho

Kochi langu nilirithi kwa mjomba alipohama Tanga kwenda Dodoma. Ni la watu watatu, ngozi halisi, rangi ya damu ya mzee. Mjomba alikuwa na pembe yake, kulia karibu na televisheni, na tangu nimfahamu hajawahi kutoka nyumbani bila kupaka mafuta ya nazi kichwani. Baada ya miaka 11 huhitaji kuambiwa alikuwa akikaa wapi. Pa kuegemea kichwa pamekuwa peusi na pananata, mkono wa kochi unang'aa kama kikaango, na pa kukalia pamepauka na kuchubuka mpaka ngozi ya ndani inachungulia.

Nilifanya kosa ambalo naona wengi wanalifanya. Nilifuta vumbi, nikanunua makopo mawili ya rangi ya viatu, nikapaka na kusugua kwa brashi. Likapendeza! Siku ya Idi shemeji akaja na kanzu nyeupe, akaegemea, tukala, tukaongea. Aliposimama mgongo wake wote ulikuwa na ramani ya damu ya mzee. "Shemeji," akaniambia akijigeuza kwenye kioo, "hili kochi lako limenichinja."

Rangi ya viatu ni nta iliyochanganywa na rangi. Haigandi ikawa sehemu ya ngozi, inakaa juu tu, na joto la mwili linailainisha upya kila mtu anapokaa. Kwenye kiatu hilo si tatizo, kwani hakuna anayeegemea kiatu kwa kanzu.

Fundi wa makochi wa mtaa wa pili ndiye aliyenifungua macho. Alipitisha kidole pale pa kichwa, akakinusa, akacheka: "Dada yangu, umepaka rangi juu ya chapati." Maana yake ni kwamba rangi ya aina yoyote, hata ile ya kweli ya ngozi, haishiki palipo na mafuta. Itakaa wiki mbili, kisha itaanza kubanduka vipande vipande. Kwa hiyo kazi kubwa ya kufufua kochi ni kutoa mafuta, na kupaka rangi ni sehemu ndogo inayokuja mwisho.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwanza unashughulika na ngozi. Pindua kochi, tafuta mahali ngozi ilipokatwa chini kwenye mbao, uangalie upande wake wa nyuma. Ngozi ya kweli ina manyoya mafupi ya nyuzi, kama kitambaa cha suedi. Ukikuta kitambaa kilichofumwa, hiyo ni ngozi ya kutengeneza, na ikishaanza kubanduka kama ganda la kitunguu hakuna rangi ya kuirudisha. Angalia sehemu zaidi ya moja, kwani makochi mengi yana ngozi halisi pa kukalia na pa kuegemea tu, huku mgongo na ubavu ni plastiki.

Kisha dondosha tone la maji mahali pasafi pasipo na mafuta. Likibaki juu kama lulu, ngozi yako ina tabaka la rangi na kinga juu yake, na ninayoyaeleza hapa yanaifaa. Likizama na kuacha doa jeusi, ngozi haina kinga. Hiyo usiiguse kwa spiriti wala kwa rangi ya kupaka. Mpe fundi anayeijua.

Usafi wa kwanza ni mwepesi. Fyonza au pangusa mchanga wote kwenye mishono, maana mchanga ukisuguliwa unakwaruza. Chukua lita moja ya maji ya vuguvugu, tia shampuu ya watoto nusu kijiko cha chai, ukoroge mpaka upate povu. Chukua povu tu kwa sponji laini, siyo maji, sugua kwa mizunguko midogo, kisha futa na kitambaa cheupe chenye unyevu. Fanya kipande kimoja kimoja, kutoka mshono hadi mshono. Sabuni ya unga na dawa ya kung'arisha nguo ziache chooni: ngozi kiasili ina asidi kidogo, na sabuni kali zinaikausha na kuipasua.

Mimi nilishangaa hapa. Nusu ya nilichodhani ni rangi iliyofifia kilikuwa uchafu tu. Mkono wa kushoto ulirudi wenyewe, damu ya mzee safi, bila tone la rangi. Usihukumu kupauka kabla ya kuosha na kuacha pakauke usiku mzima.

Pa kichwa hapakutoka kwa povu, na hapa ndipo pa kutumia subira. Mafuta ya juu unaweza kuyanyonya kwa wanga wa mahindi au poda isiyo na manukato: nyunyiza iwe nene, acha usiku kucha, pangusa asubuhi. Mafuta ya miaka yameshapita kwenye tabaka la rangi, yamelilainisha, ndiyo maana pananata. Tabaka hilo limeshaharibika na linabidi liondoke. Nilitumia spiriti ya kusafishia, alkoholi ya isopropili ya asilimia 70. Soma chupa, kwa sababu baadhi ya spiriti za duka la dawa zimetiwa mafuta ya mbarika ili zisikaushe ngozi ya binadamu, na hizo zitakurudisha ulikotoka. Fungua madirisha, zima jiko, vaa glavu.

Jaribu kwanza mahali pa kujificha. Lowesha pamba kidogo, isidondoshe, futa mara mbili tatu, geuza pamba. Mwanzoni itatoka nyeusi yenye utelezi, kisha hudhurungi, kisha utaona rangi halisi ya kochi ikitoka kwenye pamba. Usiogope hiyo rangi, mahali hapo utapaka upya. Ila usivuke mshono kuingia kwenye kipande kizima kisicho na shida. Rangi yangu ya viatu nayo ilitoka kwa njia hii, na ilinila pamba pakiti nzima.

Usitangaze ushindi siku hiyohiyo. Mafuta yaliyozama ndani ya ngozi hupanda juu yakishaachwa. Kesho yake pale pa mjomba palikuwa pameanza kung'aa tena. Nilirudia poda usiku na spiriti asubuhi kwa siku tatu. Ya nne pamba ilitoka safi, na ngozi ikawa na sura kavu, butu, kama ubao uliopigwa msasa.

Wapo watakaokushauri upake mafuta ya zeituni au ya nazi ili rangi "irudi". Yanaifanya ngozi iwe nyeusi kwa siku mbili, na unakuwa umeongeza tatizo lilelile unalolipigania.

Sasa rangi. Tafuta rangi ya ngozi ya maji, ile nzito kama maziwa mgando inayouzwa kwa mafundi wa makochi na viti vya magari. Kwa mabaka ya kochi moja, mililita 100 zinatosha na kubaki. Damu ya mzee sikuipata tayari. Nilianza na nyekundu ya giza, nikaongeza kahawia kidogo kidogo, na nyeusi nikaitia kwa ncha ya kijiti cha meno. Nyeusi ni hatari, tone moja likizidi utatumia chupa nzima ya nyekundu kulifuta. Usilinganishe rangi ikiwa mbichi, kwani ikikauka inabadilika, mara nyingi inakolea. Dondosha alama ndogo kwenye ngozi safi, kausha kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha itazame mchana karibu na dirisha. Mimi nililinganisha usiku chini ya taa ya njano, na asubuhi nikakuta nimechanganya rangi ya nyanya.

Piga msasa namba 800 kwa mkono mwepesi pale palipochubuka, nyuzi zilizosimama zilale, ufute vumbi kwa spiriti kidogo. Tia rangi kwenye kipande cha sponji, siyo brashi, kwa sababu brashi inaacha mistari. Mkono wa kwanza wa rangi usugue uingie kwenye vinyweleo na mikunjo. Itaonekana na mabaka na utajuta, endelea tu. Acha ikauke kabisa, kama nusu saa chini ya feni, na zaidi kidogo Tanga wakati wa masika. Mikono inayofuata gongagonga na sponji, nyembamba sana. Mimi nilifika mitano. Ukipaka nene ili umalize haraka, itapasuka kwenye mkunjo mtu wa kwanza atakapokaa. Paka kipande kizima hadi kwenye mshono, kwa sababu baka lililopakwa katikati linajionyesha ukingoni, lakini mshono unaficha tofauti.

Kabla ya kinga ya juu, kuna jaribio dogo. Rangi ikikaa usiku, bandika utepe wa karatasi wa wapaka rangi, kandamiza, uvute. Ukitoka na rangi, chini bado kuna mafuta, na hakuna njia ya mkato: spiriti tena. Wangu ulitoka safi isipokuwa sehemu ya ukubwa wa shilingi pa kichwa, nikarudia hapo tu.

Kinga ni ile maalumu ya ngozi, inayokaa laini. Vanishi ya mbao inakauka ngumu na itapasuka. Chagua isiyong'aa sana, kochi lisije kufanana na plastiki. Mikono miwili au mitatu, tena kwa sponji. Kisha wazuie watoto siku nzima, na usilioshe wala kulifuta kwa maji kwa wiki moja.

Pa kukalia kulikuwa na nyufa ndogo ambazo rangi ilizifunika bila kuzijaza. Ukiinama karibu unaziona. Na ukikuta mahali ngozi imekuwa laini kama kitambaa kibichi na inachanika ukiibana kwa vidole, mafuta yameshaila. Hapo fundi akate kipande na kushona kingine.

Kochi sasa lina mwaka na miezi tangu nilipake. Ninalifuta kila Ijumaa kwa kitambaa chenye unyevu pa kichwa na mikononi, na nimelisogeza mbali na dirisha linalopiga jua la jioni. Mama alipokuja akatoa mfukoni vile vitambaa vyake vya kusuka kwa sindano, ambavyo utotoni tulivicheka, akavitandika pa kichwa kimoja kimoja. "Mnadhani tulikuwa tunapamba?" akauliza. Kila mwezi navifua, na maji ya kwanza yanatoka na harufu ya nazi. Mjomba huja likizo Desemba.