Swali la lugha: «Tuma namba yako»

Swali: Tuna shule ya Kiingereza hapa Nyegezi, Mwanza. Tangazo letu la Facebook linafungua WhatsApp, na tunayo pia fomu ya kukusanya namba. Tumeandika: «Kozi kwa watu wazima. Jisajili sasa, tuma namba yako.» Watu wanabonyeza, lakini hawaandiki kitu. Kosa ni lugha?

Jibu: Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mtanzania aliyezoea meseji za «ile pesa tuma kwenye namba hii» anashtuka akiona «tuma» na «namba» zimekaa pamoja, anafunga. Isitoshe, kwenye WhatsApp hamna haja ya kuomba namba, kwani mtu akishawaandikia kwa kawaida mnaiona.

«Jisajili» nalo ni zito. Mtu anasikia ada na fomu ya kujiunga, wakati yeye anataka kuuliza tu. Na «watu wazima» kwetu inakumbusha kisomo, yaani kufundishwa kusoma na kuandika. Muuza dagaa wa Mwaloni anayetaka Kiingereza cha biashara hatajitambua hapo. Mtajeni kwa shughuli na muda wake: «Unatoka kazini jioni? Jifunze Kiingereza cha kazi na biashara, Nyegezi. Uliza ada na ratiba.»

Kosa ambalo wengi hawalioni liko kwenye ujumbe unaojitokeza wenyewe WhatsApp ikifunguka. Huo anautuma mteja, kwa hiyo uandikwe kwa kinywa chake. Mkiweka «Karibu, ungependa kujua zaidi?» mnamlazimisha awakaribishe ninyi shuleni kwenu! Ndiyo maana anasita. Wekeni: «Habari, naomba kujua ada na ratiba ya darasa la jioni.» Hapo anabonyeza kutuma, basi. «Naomba» ibaki, «nataka» kwa mtu usiyemjua ina ukali.

Fomu ni habari nyingine, maana hapo namba inaombwa kweli. Facebook huweza kuijaza kutoka kwenye akaunti ya mtu, na wakati mwingine ni laini aliyokwishaiacha. Maneno «Namba ya simu» peke yake hayamfanyi aitazame. Ulizeni: «Tukupigie kwa namba gani? Kama iliyoandikwa hapa huitumii tena, ibadilishe.» Swali la pili liwe muda wa kupigiwa, na msiandike «saa 2 hadi 4», kwa sababu kuna ya asubuhi na ya usiku. Andikeni «asubuhi, saa 2 hadi 4» na «jioni, saa 11 hadi 12».

Chini yake semeni namba ni ya nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka mtu aelezwe kusudi. «Taarifa zako zitachakatwa kwa mujibu wa sera» ni Kiswahili cha mwanasheria. Mimi ningeandika: «Tutakupigia kuhusu kozi ya Kiingereza tu. Hatutampa mtu mwingine namba yako.» Mkiandika hivyo, msije mkaitumia kutangaza sare za watoto.