Kura 18 zilivyopita kura 24

“Chama chetu cha akiba hapa Mbale kinataka kura inayohamishika. Kura zinahamaje? Na mfumo mchanganyiko ni kitu hichohicho?”

Ndugu, tuseme nafasi ni 2 na kura halali 87. Gawanya 87 kwa 3, yaani nafasi jumlisha moja, kisha ongeza 1: kiwango cha kushinda ni 30. Kila mpiga kura aliwapanga wagombea A, B na C kwa kufuatana; chaguo la kwanza lilikuwa A 45, C 24, B 18.

A amepita, na ziada yake ni 15. Hapa ndipo wasimamizi wengi huharibu: huchukua karatasi 15 za juu tu, na matokeo yakawa bahati nasibu. Pitieni zote 45. Kila moja huhama kwa thamani ya 15/45, yaani theluthi. Kama 39 zina B chaguo la pili na 6 zina C, B anapata 13 na kufika 31, C anapata 2 na kubaki 26. B ameshinda. Hakikisheni jumla: 30, 31 na 26 ni 87. Ikipungua, huenda kuna karatasi imepotea.

Asingefika mtu, mngemwondoa wa mwisho na kuhamisha kura zake.

Mfumo mchanganyiko ni mwingine kabisa: wabunge wa majimbo pamoja na wa orodha za vyama. Katika viti 10, vitano vikiwa vya majimbo, chama chenye asilimia 40 kilichoshinda majimbo 3 huongezewa 1 tu kwa utaratibu wa kufidia, ili vyote vifike 4 kati ya 10, kama Lesotho. Bila kufidia, kama Japani, hupata asilimia 40 ya vitano vya orodha, yaani 2, jumla 5.