Chipsi za jioni huanzia alfajiri: ninavyoipanga siku yangu

Nauza chipsi na zege karibu na kituo cha daladala, Dar es Salaam. Biashara yangu hasa ni saa tatu tu: kuanzia saa 12 jioni, watu wanaposhuka kwenye magari wakitoka kazini, hadi saa 3 usiku. Kazi zote nyingine nazipanga kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa 12 hiyo.

Miezi ya mwanzo nilikuwa namimina viazi vibichi kwenye karai mteja akishaagiza. Karai moja lilichukua zaidi ya dakika kumi. Viazi vikiingia kwa wingi mafuta yanapoa, mkaa nao hauna haraka. Ilipofika saa 1 watu watano wamesimama, wawili wanaondoka zao kwa jirani. Viazi nilikuwa navyo, wateja nilikuwa nao, lakini muda wa kukaanga nilikuwa nautumia saa mbaya.

Sasa nakaanga mara mbili. Saa 10 jioni naanza kukaanga nusu, kwa moto wa wastani, mpaka kipande kikibonyezwa kinalainika ila bado ni cheupe. Naepua, nachuja mafuta, natandaza kwenye sinia vipoe bila kurundikana, maana vikirundikana vinatoa jasho na kushikana. Mteja akifika, mafuta yakiwa ya moto mkali, dakika tatu zinatosha kupata rangi.

Ili saa 10 ikukute tayari, saa 7 mchana uwe unamenya. Debe moja kwangu ni kama kilo 18. Maganda yakitoka hubaki kilo 15 hivi, na hizo hunipa sahani 40. Vikishakatwa vinakaa ndani ya maji visigeuke rangi, kisha navichuja na kuvikausha kwa kitambaa safi. Usiruke hatua hiyo: kiazi chenye maji kikigusa mafuta ya moto, mafuta yanaruka na kukuunguza.

Sokoni niko saa 11 alfajiri, kabla viazi vizuri havijachaguliwa. Namwomba muuzaji anikatie kimoja. Nasugua vipande viwili pamoja: kikitoa povu zito la wanga na kushikana, nachukua. Kikichuruzika maji, chipsi zake zitalegea hata ukaange vipi. Cha kijani sichukui kabisa. Mayai ya zege nanunua trei siku hiyohiyo. Nikirudi nalala mpaka saa 6, na usingizi huo siuuzi kwa mtu.

Kachumbari nakata saa 11 na nusu jioni, chumvi natia mteja akiwa mbele yangu, kwa sababu nyanya zikikaa na chumvi zinaelea majini.

Debe lote silikaangi mkaango wa kwanza kwa mpigo. Naanza na sahani 25, halafu saa 1 na nusu naangalia foleni. Ikiwa ndefu, naongeza karai la pili. Ikiwa mvua imewawahisha watu majumbani, vibichi vinabaki majini, nabadilisha maji kabla ya kulala, na kesho ndivyo vinavyotangulia.