Aya za kuruka: somo kwa waandishi wapya wa hotuba

Ukiingia kwenye kazi ya kuwaandikia wakubwa hotuba, utapewa dakika. Wataandika kwenye ratiba kwamba mkurugenzi wako anazungumza dakika 15, nawe utaandika za dakika 15. Kisha siku ya siku, anayemtangulia aliyepewa dakika 10 atazungumza 22, na mshereheshaji atainama kwenye kiti cha bosi wako na kumnong'oneza, "Mheshimiwa, tufupishe kidogo." Ukiwa hukujiandaa, atafupisha mwenyewe akiwa amesimama mbele ya watu. Ataruka aya anazoziona ndefu, na mara nyingi hizo ndizo zilizobeba tangazo.

Ndiyo maana aya za kuruka huwekewa alama wakati hotuba inaandikwa, mezani, ukiwa umetulia. Nitakueleza kwa hotuba moja niliyoandika kwa ajili ya mkutano wa wakulima wa korosho mkoani Mtwara.

Bosi wangu husoma maneno 95 hivi kwa dakika. Nilimpima kwa saa ya simu akisoma kwa sauti, nawe mpime wako, maana huyu hukimbia na yule hupumua kila mstari. Dakika 15 kwake ni maneno kama 1,425. Niligawa hotuba hivi: uti wa mgongo dakika 9 na nusu, na aya tatu za kuruka. Ya kwanza, A, ilikuwa historia ya stakabadhi ghalani kwenye korosho tangu 2007, dakika 2. Ya pili, B, ilieleza magunia yanavyonunuliwa na kugawiwa vyama vya msingi, dakika 2. Ya tatu, C, ilikuwa kisa cha mzee mmoja wa Newala ambaye korosho zake zilishushwa daraja kwa sababu ya unyevu, dakika moja na nusu.

Angalia nilivyozichagua. Aya ya kuruka si aya mbovu. Mbovu ifute kabisa. Ni aya nzuri inayoegemea nyingine, lakini hiyo nyingine inasimama bila yake. Historia ya stakabadhi ghalani wakulima wenyewe waliiishi, kwa hiyo A ndiyo ya kwanza kuondoka. Herufi ndiyo mpangilio wa kuruka: A ikitosha, B inabaki. Aya ya chini ya nusu dakika usiihangaikie, kwani haiokoi kitu na inamchanganya msomaji.

Tangazo, shukrani kwa wenyeji na pole kwa wafiwa haviguswi. Lakini kuna kitu cha nne ambacho wengi hawakioni, nacho ni sharti. Katika rasimu yangu ya kwanza, uti wa mgongo ulisema mizani mipya itafika kabla ya msimu. Ndani ya B, mwishoni kabisa, ndimo nilimoandika kwamba itapelekwa kwa vyama vilivyokwisha kuwasilisha hesabu zao. B ikirukwa, mkurugenzi amewaahidi wote. Ahadi na sharti lake vikae kwenye sentensi moja, au angalau aya moja. Kabla hujaweka alama, isome kila aya ya kuruka ukitafuta maneno "iwapo", "isipokuwa", "kwa wale ambao". Ukiyakuta, yahamishie kwenye uti.

Sasa maungio, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kiswahili kinatuponza kwa namna yake, kwa sababu kitenzi hubeba nomino ndani ya kiambishi na msikilizaji huitafuta nomino hiyo nyuma. Aya yangu kabla ya B iliishia kwenye malipo ya wakulima. B ilihusu magunia. Aya iliyofuata B ilianza: "Yakichelewa kufika, korosho zinalala nje." Ukiisoma hotuba nzima, ni magunia yanayochelewa. Iondoe B, na ghafla ni malipo. Sarufi haijakosewa, sentensi inateleza vizuri mdomoni, ila maana imegeuka na hakuna atakayeshtuka mpaka kesho yake. Kwa hiyo sentensi ya kwanza baada ya aya ya kuruka itaje nomino yake waziwazi: "Magunia yakichelewa kufika." Isianze na "huyo", "hayo", "pia" wala "hata hivyo".

Maungio ya mbali ni mabaya zaidi. Mwaka wangu wa kwanza nilimalizia hotuba nyingine kwa kusema "nirudi kwa yule mama niliyewasimulia". Kisa cha mama huyo kilikuwa kwenye aya iliyorukwa. Ukumbi ulinyamaza, msemaji akaitazama karatasi, akaisoma tena sentensi ileile. Lile lilikuwa kosa langu, si lake. Tangu siku hiyo kitu kilichotajwa kwenye aya ya kuruka hakirudi popote nje ya aya hiyo. Hali kadhalika hesabu: usiandike "mambo matano" ikiwa la tatu linaweza kuondoka.

Kuhakiki si kwa macho. Soma kwa sauti hotuba nzima, kisha bila A, kisha bila A na B, kisha bila zote tatu. Mara nne, na kila mara pima muda.

Kwenye karatasi, kila aya ya kuruka naichapa kwenye ukurasa wake peke yake. Pembeni inakuwa na mstari mnene wa wima, na juu yake maandishi ya namna hii:

[A – dk 2 – ukiruka, nenda uk. 4]

Kurasa zisipigwe stepla. Msemaji mzoefu mwachie alama, ataruka mwenyewe. Mwenye wasiwasi mchomolee kurasa kabla hajasimama, asome kinachobaki moja kwa moja. Namba za kurasa zitaruka, kwa hiyo mwambie mapema.

Mtwara ilikuwa hivi. Tulipangiwa saa 6:05 hadi 6:20 mchana. Aliyetutangulia alizidisha dakika 12, tukaangukia saa 6:17. Sikubahatisha. Nilimfuata mshereheshaji akiwa bado amekaa, nikamuuliza mwisho kabisa ni saa ngapi. Akasema saa 6:30, watu waende sala ya adhuhuri na chakula, na neno la shukrani lilihitaji dakika 3. Tulibaki na dakika 10. Uti wa mgongo ni 9 na nusu, lakini makofi nayo hula muda, kwa hiyo kuondoa A, B na C hakukutosha. Kilichotuokoa ni salamu: majina na vyeo vilikuwa dakika moja na nusu, nami nilikuwa nimeandaa toleo fupi linaloishia "itifaki imezingatiwa", sekunde 20. Nilichomoa kurasa tatu, nikabadilisha ule wa kwanza, nikamwonyesha mkurugenzi kwa kidole. Alimaliza saa 6:26.

Mkalimani wa lugha ya alama alikuwa na nakala yenye alama zilezile, nikamwambia zote tatu zimeondoka. Waandishi wa habari walikuwa wamepewa nakala kamili tangu asubuhi, kwa hiyo niliwazungukia kabla hawajatoka na kuwawekea kalamu kwenye aya ambazo hazikusemwa. C sikuitupa: mkulima mmoja alipouliza kuhusu unyevu baada ya chakula, mkurugenzi alikitoa kile kisa cha Newala mfukoni na kumsomea.