Lebo yenye anwani mbili

"Kwenye picha ya lebo ya kifurushi changu kuna anwani mbili, ipi ya aliyetuma na ipi yangu? Nipo Ujiji."

Ndugu, anza na namba ya kufuatilia, mfano RR123456785CN. Herufi mbili za mwisho ni nchi kilikotoka, siyo kinakokwenda. Basi anwani ya China ni ya mtumaji. Yenye Kigoma na simu ya +255 ndiyo yako.

Katikati ni tarakimu 9 tupu, hivyo ukiona O hapo, ni sifuri. Ya 9 ni ya kuhakiki: zidisha zile 8 kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7 kwa mfuatano, jumlisha (hapa 204), gawanya kwa 11, baki 6, 11 toa 6 ni 5. Ukipata 10 iwe 0, ukipata 11 iwe 5. Isipolingana, umekosea kunakili. Mimi hunichanganya 3 na 8 nailoni ikijikunja.

Hii ni ya posta tu. Vifurushi vya basi vina namba zao.