Kilele kinachoshuka: haidroksili, kabonili na maneno ya kuzisomea

*Swali: Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Tanga. Tulipima kwa infraredi mafuta ya chupa isiyo na kibandiko kutoka Muheza, ambayo ni ya karafuu au ya mdalasini. Mwanafunzi wangu kaandika: "Kuna kilele kikali cha 1638 kinachothibitisha kabonili, na bonde nene la 3510 la haidroksili." Mstari wenyewe unashuka, haupandi. Sasa tuseme kilele au bonde? Na mwanga unafyonzwa au unasharabiwa?*

Mwalimu, neno kilele libaki, ila lisiachwe peke yake. Kinachofika kileleni hapa ni ufyonzaji. Spektromita hupitisha mwanga wa infraredi kwenye mafuta, halafu hupima ule unaotokea upande wa pili. Kama mhimili wa wima umeandikwa `%T`, mashine inachora upitishaji: katika kila mia ya mwanga ulioingia, umetoka kiasi gani. Pale mafuta yanapofyonza sana, unaotoka huwa kidogo, na mstari unashuka. Ukiibadili mashine ichore `A`, inachora ufyonzaji wenyewe, na mabonde yote yanageuka kuwa vilele, ingawa mafuta ni yale yale na chupa ni ile ile. Kwa hiyo "kilele cha ufyonzaji" ni kauli ya kweli kwenye karatasi zote mbili, na "bonde la upitishaji" nalo ni la kweli kwa aliyeshika karatasi ya `%T`. Cha kukataa ni "kilele cha upitishaji kwenye 1638", maana hapo mwandishi amesema mwanga unapita kwa wingi mahali ambapo umezuiwa.

Fyonza na sharabu nayapenda yote mawili. Kufyonza kuna nguvu ya kuvuta, kama nyuki kwenye ua. Kusharabu ni kunywa taratibu mpaka kitu kilowe, kama udongo mkavu mvua ya kwanza inapoanguka. Shuleni fyonza limeshazoeleka, na sioni sababu ya kuling'oa. Lakini katika maabara ya pwani maneno haya yanaweza kugawana kazi. Chumvi ya bromidi ya potasiamu, KBr, ambayo husagwa pamoja na sampuli ngumu na kugandamizwa kuwa kidonge, inavuta unyevu wa hewani, na hewa ya Tanga ina unyevu wa kutosha. Ripoti ikisema "kidonge kilifyonza" mara mbili, mara moja kwa maana ya maji na mara nyingine kwa maana ya mwanga, msomaji atapotea. Mimi ningesema chumvi imesharabu unyevu, na molekuli zimefyonza mwanga.

Lililonisumbua zaidi katika sentensi ya kijana wako ni neno ambalo hukuliuliza: kikali. Kisu kikali kina makali, yaani ncha nyembamba. Jua kali lina nguvu. "Kilele kikali" basi ni kipi? Kinaweza kuwa chembamba, kinaweza kuwa chenye nguvu, na katika kazi hii hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Haidroksili ya pombe hutoa ufyonzaji wenye nguvu lakini mpana. Kabonili hutoa wenye nguvu na mwembamba. Neno lisilotenga sifa hizo mbili linakufichia kile kile unachokitafuta.

Kiswahili kinatupa maneno bora. Kwa umbo, sema kipana au chembamba. Kwa nguvu, sema kirefu au kifupi. Tazama jinsi "kirefu" kinavyofaa: mnazi ni mrefu kwenda juu, na kisima ni kirefu kwenda chini. Neno moja linabeba kimo na kina, kwa hiyo linasimama sawasawa hata karatasi ikigeuzwa kutoka `A` kwenda `%T`. Sijui tungeomba nini zaidi kwa lugha yetu. "Nene" tuliache, kwa kuwa mstari mnene ni ule uliopakwa wino mwingi.

Upana huo wenyewe una sababu, na ukiijua hutasahau neno. Haidroksili ni oksijeni iliyoshika hidrojeni. Hidrojeni hiyo huvutwa na oksijeni ya molekuli jirani, na mvuto huo haulingani: hapa jirani yuko karibu, pale yuko mbali. Kila jozi hutetema kwa kasi yake, na mitetemo yote ikijumlishwa inaenea kama mkanda, kwa kawaida kati ya 3200 na 3600 cm⁻¹. (Alama hiyo huhesabu mawimbi mangapi yanaingia ndani ya sentimita moja, na karatasi huanzia namba kubwa kushoto.) Molekuli zikitengwa, kwa mfano zikiyeyushwa kidogo sana katika kiyeyushi kisichozivuta, mkanda unakonda na kuhamia juu ya 3600. Katika asidi za kaboksili mvuto ni mkubwa mno, na mkanda unatanda kutoka karibu 3300 hadi 2500, ukizimeza alama za hidrojeni zilizoshikana na kaboni.

Kabonili haina mambo hayo. Ni kaboni na oksijeni zilizoshikana kwa bondi mbili, na oksijeni huvuta elektroni upande wake. Bondi ikivutika na kurudi, mgawanyo wa chaji hubadilika sana, na hapo ndipo mwanga hufyonzwa kwa wingi. Matokeo ni kilele chembamba na kirefu kati ya 1650 na 1780 au hapo karibu, na mara nyingi ndicho kirefu kuliko vyote kwenye karatasi. Bondi mbili za kaboni kwa kaboni hukaa jirani, karibu na 1640, lakini ncha zake mbili hufanana, chaji haihami sana, na kilele chake huwa kifupi zaidi.

Sasa turudi kwenye chupa yako. Mafuta ya magome ya mdalasini yamejaa sinamaldehaidi, ambayo ina kabonili na haina haidroksili. Aldehaidi ya kawaida ingeonekana karibu na 1725, lakini katika sinamaldehaidi kabonili imepakana na bondi mbili nyingine, elektroni zinagawanywa, bondi inalegea, na kilele kinashuka hadi karibu 1677. Kingekuwa kirefu kiasi cha kutawala karatasi nzima, na kingefuatana na viwili vidogo karibu na 2815 na 2740, alama ya hidrojeni ya aldehaidi. Mafuta ya karafuu yamejaa eujenoli, ambayo ina haidroksili na haina kabonili. Eujenoli ina bondi mbili kwenye mkia wake, na hiyo hufyonza karibu na 1638. Pete yake hufyonza karibu na 1610 na 1514.

Kwa hiyo 1638 ya kijana wako si kabonili. Mwambie akipime kilele hicho kwa jirani zake. Kama ni kifupi kuliko kile cha 1514, na hakuna kirefu chochote kati ya 1650 na 1780, basi kundi la kabonili halina nafasi kubwa katika chupa hiyo. Ukimya wa sehemu hiyo ni ushahidi mzito, kwa sababu kabonili iliyopo kwa wingi haina pa kujificha. Akiona kidogo tu karibu na 1765, asishtuke: mafuta ya karafuu huwa na esta ya eujenoli, asetati, na kabonili ya esta hiyo hukaa hapo.

Nisiwe nimemfunga kamba, lakini: kwenye sampuli asiyoijua asili yake, 1640 pekee isimfanye aapie upande wowote. Amaidi, ambazo zina naitrojeni, kabonili yake huweza kushuka mpaka huko. Ndiyo maana "kinathibitisha" ni kitenzi kizito kwa kilele kimoja. "Kinaashiria" kinatosha, na "kinathibitisha" kisubiri ushahidi wa pili.

Mkanda wa 3510 nao una mshindani, maji. Maji hufyonza kwa upana karibu na 3400 na tena karibu na 1640, yaani yanaiga namba zako zote mbili kwa mpigo. Mafuta yaliyokenekwa kwa mvuke na kuwekwa kwenye chupa bila kukaushwa yanaweza kubaki na maji kidogo. Weka sulfeti ya sodiamu isiyo na maji ndani ya mafuta kidogo, tikisa, yaache kama nusu saa, chuja, upime tena. Mkanda ukififia, yalikuwa maji. Ukibaki vile vile, ni haidroksili ya mafuta yenyewe. Umbo nalo linasaidia: katika eujenoli haidroksili inavutwa zaidi na oksijeni iliyo jirani kwenye molekuli hiyo hiyo, kwa hiyo mkanda wake huwa mwembamba kidogo na hukaa juu kuliko wa maji, karibu na 3500. Mafuta hayahitaji kidonge cha KBr, tone moja kati ya vioo viwili vya chumvi linatosha, ila yakaushwe kwanza, la sivyo maji yatavila vioo vyako.

Jambo dogo: "kilele cha 1638" kinasomeka kama mwaka. Aandike "kwenye 1638 cm⁻¹".

Ningependa sentensi yake isomeke hivi: "Kuna mkanda mpana wa ufyonzaji kwenye 3510 cm⁻¹, uliobaki baada ya mafuta kukaushwa, unaoashiria haidroksili. Hakuna kilele kirefu kati ya 1650 na 1780 cm⁻¹, kwa hiyo kabonili haikuonekana kwa wingi. Kilele chembamba kwenye 1638 cm⁻¹ kinalingana na bondi mbili za kaboni."

Asiongeze "kwa hiyo ni karafuu". Mafuta ya majani ya mdalasini, tofauti na ya magome, nayo yamejaa eujenoli, na vilele hivi haviwezi kuyatenga na ya karafuu. Akienda Muheza, amuulize aliyeyakeneka: kwenye pipa aliweka magome, majani, au makonyo ya karafuu?