Shingadi: pima ugoko, usiamini pakiti

Nina kovu kwenye ugoko wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Nililipata mchangani enzi za ujana, siku niliyovaa shingadi ndogo kama kiganja kwa sababu tu nilitaka soksi zikae chini. Njumu ya beki ilitua pale pale shingadi ilipoishia. Siku hizi nafundisha watoto mpira, na sikubali mtoto aingie uwanjani kabla sijamkagua miguu.

Wazazi wengi hununua kwa urefu wa mtoto kwa sababu pakiti ndiyo imeandikwa hivyo. Tatizo ni kwamba watoto wawili wa kimo kimoja wanaweza kuwa na miguu tofauti kabisa: mmoja kiwiliwili kirefu, mwingine miguu kama korongo. Kinachokingwa ni ugoko, basi upimwe ugoko.

Chukua futi ya fundi cherehani. Mtoto akae kwenye kiti, goti limekunjwa na unyayo umekaa sawasawa chini, soksi na njumu zikiwa mguuni. Njumu ni muhimu, maana ulimi wake hupanda juu, na ukipima peku utapata urefu ambao kiatu kitaukataa baadaye. Anza chini tu ya pia ya goti, teremka na mfupa hadi mguu unapojikunja juu ya kiatu. Kisha toa sentimita 2.5 juu na 2.5 chini, ili goti na kifundo vibaki na nafasi ya kukunjika.

Juzi mama mmoja aliniletea kijana wake wa miaka 12, kimo sentimita 146. Dukani alipewa saizi S, pakiti inasema 140 hadi 150. Nilipompima mguu nikapata 29. Ukitoa tano, zinabaki 24. Ile S ilikuwa na urefu wa 18 tu.

"Lakini kocha, si ndiyo saizi yake?" mama akauliza. Nikamwekea futi mguuni, akaona mwenyewe sentimita sita za mfupa zilizobaki wazi. Tulijaribu L yenye 25. Mtoto akachuchumaa, akakunja uso: "Inanigonga gotini." Tukaishia kwenye M ya 22. Zile mbili zilizopungua niliziacha upande wa juu, kwa kuwa mateke mengi ninayoyaona kwa watoto huja chini, karibu na mpira.

Urefu ukishakubali, kuna upana, na hapa wengi hupitiwa. Pitisha kidole kwenye ugoko wako sasa hivi. Upande wa nje utakuta nyama. Upande wa ndani ni ngozi juu ya mfupa, basi. Shingadi ikifunika mbele tu na kuacha upande wa ndani wazi, imekinga nusu. Angalia pia kama zimeandikwa L na R, kwa maana ya kushoto na kulia. Nyingine zimepindwa kufuata mguu, na ukizibadilisha zinaacha pengo upande ule ule wa ndani. (Kwa za mitumba maandishi huwa yamefutika. Jaribu kila moja kwenye miguu yote miwili, utaiona inayolala vizuri.)

Sasa ukaguzi wenyewe. Mvalishe shingadi kabla hujapandisha soksi, chora kingo zake kwenye ngozi kwa kalamu ya wino, kisha pandisha soksi umwache acheze dakika kumi: akimbie, asimame ghafla, aruke, achuchumae. Teremsha soksi. Ikiwa kingo zimehama zaidi ya upana wa kidole, shingadi inateleza, na nyingi huzunguka kuelekea nje. Mara nyingi dawa ni soksi inayobana zaidi, au kuzungusha tepu juu ya soksi, chini tu ya shingadi. Usiikaze kwenye shavu la mguu, mtoto atalalamika ganzi kabla ya mapumziko. Ukikuta alama nyekundu mbele ya kifundo, basi ni ndefu mno, na tepu haitasaidia kitu.

Usitegemee refa akufanyie kazi hii. Sheria namba 4 ya soka inataka shingadi zivaliwe, ziwe za malighafi inayokinga ipasavyo na zifunikwe na soksi. Haitaji sentimita hata moja, na tangu msimu wa 2024/25 inasema wazi kwamba saizi ni jukumu la mchezaji mwenyewe. Ile S ya 18 angeiangalia na kuipitisha.

Yule kijana nimemwandikia 29 na tarehe kwa kalamu ndani ya shingadi, kwenye sponji. Baada ya miezi minne tutapima tena. Mguu ukifika 31, mama yake atarudi dukani kuitafuta ile L.